Washiriki 32 kila kundi: hesabu sahihi iliyoanzia kwenye namba ya kutiliwa shaka

*Shikamoo mwalimu. Ninaandaa utafiti wa tasnifu yangu ya umahiri katika saikolojia. Nataka kujua kama mazoezi ya kupumua ya wiki mbili yanapunguza wasiwasi wa mtihani. Kundi moja litafanya mazoezi, jingine litasubiri. Utafiti niliousoma ulikuwa na watu 25 kila kundi, ukapata d ya 0.72. Nimeiingiza namba hiyo kwenye programu, ikanipa watu 32 kila kundi. Msimamizi wangu anasema wanatosha, na kwamba matokeo yasipotoka tutakokotoa nguvu ya utafiti baadaye ili tueleze sababu. Nikijitahidi sana naweza kupata watu 120. Je, hao 32 wanatosha? Na ningependa pia kuona kama mazoezi yanawasaidia wanawake zaidi.*

Marahaba. Hawatoshi. Programu yenyewe haijakosea: ukiiambia kwamba tofauti ya kweli kati ya makundi ni 0.72, na unataka nguvu ya asilimia 80 kwa kiwango cha umuhimu cha 0.05, itakujibu 32, na hesabu hiyo ni sahihi. Kasoro iko kwenye 0.72 uliyoiingiza.

Nguvu ya asilimia 80 ni ahadi yenye sharti. Inasema hivi: ikiwa athari ipo, na ikiwa ina ukubwa ule ule uliouandika, basi tafiti 80 kati ya 100 zilizopangwa kama wa kwako zitaiona, na 20 zitaikosa. Athari ikiwa ndogo kuliko ulivyoandika, ahadi hiyo haipo tena, na programu haina njia ya kukuonya. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu watu, tuiangalie kwanza hiyo d. Kumbuka kwamba d ni tofauti ya wastani wa makundi mawili ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wao.

Katika utafiti wa watu 25 kila kundi, thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama zoezi halina athari yoyote, haiwezi kushuka chini ya 0.05 mpaka d inayopatikana ifike takriban 0.57. Hilo halitegemei mazoezi ya kupumua wala wasiwasi, linatokana na ukubwa wa sampuli peke yake. Sasa chukulia kwamba athari ya kweli ni 0.3, kiasi ambacho kwa zoezi fupi kama hili si cha kushangaza. Kwa watu 25 kila kundi, utafiti huo una nguvu ya asilimia 18 hivi. Watafiti 100 wakiufanya, 82 hawatapata kitu, na wengi wao hawataandika chochote. Wale 18 waliobaki watapata matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, lakini kila mmoja wao lazima awe amepata d kubwa kuliko 0.57, kwa sababu chini ya hapo mlango umefungwa. Wastani wa d zao unakuwa yapata 0.7. Ni kama wavu wenye matundu mapana: ukiangalia samaki waliomo tu, utaapa kwamba ziwani hakuna samaki wadogo.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Namba uliyoisoma, 0.72, ndiyo hasa namba ambayo tungeitarajia kutoka kwenye utafiti mdogo uliofanikiwa kuchapishwa, hata kama ukweli ni 0.3. Sisemi kwamba waandishi wake wamedanganya au wamefanya kazi ovyo. Inawezekana wamefanya kila kitu kwa uaminifu. Mchujo wa sampuli ndogo pamoja na kizingiti cha 0.05 unatosha kuikuza namba zaidi ya mara mbili bila mtu yeyote kukusudia.

Usinikubalie kwa maneno tu. Kama una programu ya takwimu ya R, endesha mistari hii, inachukua sekunde chache:

```r
matokeo <- replicate(10000, {
  a <- rnorm(25, mean = 0,   sd = 1)
  b <- rnorm(25, mean = 0.3, sd = 1)
  c(p = t.test(a, b)$p.value, tofauti = mean(b) - mean(a))
})
imevuka <- matokeo["p", ] < 0.05
mean(imevuka)
mean(matokeo["tofauti", imevuka])
```

Namba ya kwanza itakayotoka ni nguvu ya utafiti, karibu 0.18. Ya pili ni wastani wa tofauti katika tafiti zilizovuka kizingiti, karibu 0.7, ingawa wewe mwenyewe ndiye uliyeandika 0.3 kwenye mstari wa tatu. Kisha badilisha 25 iwe 200 mahali pote pawili uone kinachotokea: nguvu inapanda, na ile namba ya pili inarudi karibu na 0.3. Sampuli kubwa haitusaidii kuiona athari tu, inatusaidia pia kuiona kwa kipimo chake.

Kuna njia nyingine ya kuona jinsi 0.72 ilivyo dhaifu kama msingi wa mpango. Kwa watu 25 kila kundi, masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya d hiyo, yaani eneo la thamani zinazoendana na data yake, yanaanzia takriban 0.15 na kuishia 1.29. Ukipanga kwa 0.15 unahitaji watu wapatao 700 kila kundi. Ukipanga kwa 1.29 unahitaji watu 11. Huo utafiti mmoja haujakwambia kama uhitaji wako ni 11 au 700, na programu ilipokupa 32 ilichukua tu namba ya katikati kana kwamba haina shaka yoyote.

Tukirudi kwenye mpango wako: kama athari ya kweli ni 0.3 na una watu 32 kila kundi, nguvu yako ni asilimia 22 hivi. Una nafasi karibu nne kati ya tano za kumaliza wiki zako zote za kazi na kuandika kwamba hakuna tofauti iliyoonekana, juu ya zoezi ambalo kweli linasaidia. Wasomaji wengi wataichukua sentensi hiyo kama ushahidi kwamba zoezi halifai. Na ukibahatika kuwa yule mmoja kati ya watano, utakuwa umeandika d iliyokuzwa, na mwanafunzi mwingine ataisoma, ataiingiza kwenye programu, na atapata watu 30 na kitu. Namba iliyokufikia wewe huenda imepita njia hiyo hiyo.

Saikolojia imeshalipia gharama ya mzunguko huu. Mfano unaofahamika sana ni dhana kwamba utashi wa mtu huchoka kama misuli, kiasi kwamba ukijizuia katika jambo moja unabaki dhaifu katika linalofuata. Mwaka 2010 uchanganuzi uliojumuisha tafiti nyingi zilizochapishwa, nyingi zikiwa na sampuli ndogo, ulitoa athari ya wastani ya 0.62. Mwaka 2016 maabara 23 zilitumia utaratibu mmoja uliosajiliwa kabla, zikakusanya zaidi ya watu 2,000, na athari ikawa 0.04, yaani karibu na sifuri kabisa. Bado watu wanabishana kama utaratibu uliotumika ulikuwa mzuri kuliko yote, na ubishi huo ni halali. Lakini mtu aliyepanga sampuli yake kwa kutumia 0.62 alikuwa anajenga juu ya mchanga. Mwaka uliotangulia, 2015, mradi mkubwa uliorudia tafiti 100 za saikolojia ulikuta kwamba athari katika marudio zilikuwa kwa wastani karibu nusu ya zile za awali. Zipo sababu kadhaa za pengo hilo, na mchujo niliokueleza ni mmojawapo wa zenye uzito mkubwa.

Sasa, d ya kupangia itoke wapi? Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuuliza athari ina ukubwa gani. Swali hilo ndilo unalofanyia utafiti, na jibu lake huna bado. Anza kwa kuuliza ni tofauti ndogo kiasi gani ambayo bado ingekuwa na maana kwa mtu mwenye wasiwasi wa mtihani, ili chini ya hapo hata kama ipo usijute kuikosa. Swali hili linajibika leo, kabla ya kukusanya hata jibu moja, na linajibika kwa alama za kipimo chako, si kwa d.

Tufanye hivyo. Chukulia hojaji yako ina maswali 20, kila moja likiwa na alama 1 hadi 4, hivyo jumla inakwenda kutoka 20 hadi 80. Chukulia tafiti zilizotumia kipimo hicho kwa watu kama wako zinaonyesha mkengeuko sanifu wa alama 10 hivi. Mkengeuko unaweza kuutegemea kutoka kwenye machapisho kuliko d, kwa sababu haupiti kwenye mchujo wa 0.05: hakuna anayekataliwa makala kwa sababu alama zilitawanyika. Sasa kaa na msimamizi wako, na ikiwezekana na mshauri anayewahudumia wanafunzi wenye wasiwasi, muulizane. Punguzo la alama 1 katika 80? Hakuna atakayelihisi. Alama 10? Hizo ni nyingi mno kuzidai kutoka kwenye wiki mbili za kupumua. Mnaweza kukubaliana kwamba alama 4 ndizo mpaka: hiyo ni sawa na maswali manne kati ya 20 kushuka ngazi moja, na zoezi lisilogharimu kitu likileta hilo, linastahili kupendekezwa. Mwingine angesema 3 au 5. Muhimu ni kwamba sababu imeandikwa, na anayepinga anaweza kuipinga kwa hoja.

Alama 4 zikigawanywa kwa 10 ni d ya 0.4. Hesabu katika R ni mstari mmoja:

```r
power.t.test(delta = 4, sd = 10, sig.level = 0.05, power = 0.80)
```

Itakujibu n ya 99.08, nayo ni kwa kila kundi, kwa hiyo unahitaji 100 kila kundi, 200 kwa jumla. Ukitumia G\*Power utapata hiyo hiyo. Kama unataka kukadiria kichwani, gawanya 16 kwa d iliyozidishwa kwa yenyewe: 16 gawanya kwa 0.16 ni 100. Kanuni hii inakuonyesha pia kwa nini namba zinaruka haraka namna hii. Ukikata d nusu, watu wanaohitajika wanakuwa mara nne.

Jihadhari kidogo hapa. Baadhi ya makala hukokotoa d kwa kugawanya kwa mkengeuko wa mabadiliko ya mtu mmoja mmoja kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, si kwa mkengeuko wa alama zenyewe. Kama vipimo viwili vinahusiana kwa 0.8, mkengeuko wa mabadiliko unashuka kutoka 10 hadi 6.3 hivi, na zile alama 4 zinaanza kuonekana kama 0.63. Tofauti ni ile ile, jina ni lile lile la d, lakini ukiichukua kupangia ulinganisho wa makundi mawili utajidanganya. Ndiyo sababu napenda kufikiri kwa alama kwanza.

Najua unachowaza: 200 huna, una 120. Hapa watu wengi hurudi nyuma na kuipandisha d mpaka ikubaliane na watu walionao. Usifanye hivyo. Kuna njia ya haki ya kupunguza hitaji, na kwa utafiti wako iko wazi: pima wasiwasi kabla ya mazoezi pia, kisha uingize alama hizo za mwanzo kwenye uchanganuzi. Watu wanatofautiana sana katika wasiwasi hata bila zoezi lolote, na utofauti huo ndio unaoifunika athari yako. Ukijua kila mtu alianzia wapi, sehemu ya utofauti huo unaiondoa.

Kiasi kinachoondoka kinategemea uhusiano kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Ukiwa 0.6, zidisha idadi ya watu kwa moja kutoa 0.6 iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani 0.64. Wale 100 kila kundi wanakuwa 64. Katika R uchanganuzi wenyewe ni huu:

```r
lm(wasiwasi_baada ~ kundi + wasiwasi_kabla, data = data)
```

Tafadhali usibadilishe hili kuwa kutoa alama za kabla kwenye alama za baada halafu kulinganisha mabaki, ingawa wengi hufanya hivyo. Kwa uhusiano wa 0.6, njia ya kutoa ingekuhitaji watu 80 kila kundi mahali pa 64, na uhusiano ukishuka chini ya 0.5 inakuwa mbaya kuliko kutopima mwanzo kabisa.

Uhusiano huo wa 0.6 utautoa kwenye machapisho yaliyopima watu wale wale mara mbili kwa kipimo hicho, kwa muda unaokaribiana na wiki zako mbili. Uhusiano wa siku moja utakuwa mkubwa mno kwa mahitaji yako. Ukikuta machapisho yanatofautiana, chukua ya chini. Usijaribu kuupata, wala kuipata d, kutoka kwenye utafiti mdogo wa majaribio wa watu kumi kila kundi. Kwa watu kumi kila kundi, d inayumba karibu 0.9 kwenda juu au chini. Utafiti wa majaribio unafaa kukuonyesha kama maelekezo yanaeleweka, kama watu wanayafanya mazoezi kweli, na ni wangapi wanaokimbia kabla ya mwisho.

Na watakimbia. Wiki mbili ni muda mrefu kwa mtu aliyejitolea. Tukisema asilimia 15 hawatarudi kwenye kipimo cha pili, usizidishe 64 kwa 1.15. Gawanya 64 kwa 0.85, upate 76 kila kundi, 152 kwa jumla. Na mtu akiacha mazoezi, mwombe bado ajaze hojaji ya mwisho, na umhesabu katika kundi alilopangiwa. Wanaoacha mara nyingi ni wale ambao zoezi haliwasaidii, na ukiwafuta unabaki na kundi lililojichuja lenyewe.

Kwa hiyo una 120 na unahitaji 152. Tuone 120 wanakupa nini hasa. Baada ya asilimia 15 kuondoka wanabaki 51 kila kundi. Kwa uhusiano wa 0.6, nguvu yako ya kuona alama 4 ni asilimia 70 hivi, na tofauti ambayo ungeiona kwa nguvu ya asilimia 80 ni alama 4.5. Huo si mpango wa kuonea aibu, na ni mbali sana na asilimia 22. Mimi ningefanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kumtafuta mwanafunzi mwenzako katika chuo kingine mwenye nia kama yako, ili nyote wawili mtumie hojaji moja na utaratibu mmoja, kila mmoja alete 76. La pili, kama hilo haliwezekani, ni kuandika wazi kwenye pendekezo kwamba idadi imewekwa na uwezo wa kuwapata watu, kwamba nguvu kwa alama 4 ni asilimia 70, na kwamba matokeo utayaripoti kwa masafa ya uhakika. Jambo ambalo singekubali ni kuandika d ya 0.45 kana kwamba ndiyo uliyoichagua tangu mwanzo.

Kuhusu wanawake, jibu langu ni zito zaidi. Kuuliza kama mazoezi yanasaidia ni kulinganisha wastani mbili. Kuuliza kama yanawasaidia wanawake zaidi kuliko wanaume ni kulinganisha tofauti mbili, na kila tofauti imetoka kwenye nusu ya watu wako. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho makadirio huyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, linakuwa mara mbili, kwa hiyo hata kama pengo kati ya wanawake na wanaume lina ukubwa sawa na athari yenyewe, unahitaji watu mara nne. Na pengo hilo kwa kawaida ni dogo kuliko athari: likiwa nusu yake, unahitaji mara 16. Kwa mpango wa watu 128 waliobaki hadi mwisho, hiyo ni zaidi ya watu 2,000. Usiliweke miongoni mwa nadharia tete zako. Rekodi jinsia ya kila mshiriki, kwa sababu atakayeunganisha tafiti nyingi siku moja atahitaji taarifa hiyo. Na hasa usifanye ule mtego wa kupima wanawake peke yao, kupata p ya 0.03, kisha wanaume peke yao, kupata p ya 0.20, na kutangaza kwamba makundi yanatofautiana. Hizo p mbili hazijalinganisha wanawake na wanaume hata kidogo.

Linabaki pendekezo la msimamizi wako la kukokotoa nguvu baadaye. Naliheshimu kwa nia yake, lakini hesabu hiyo haiwezi kukupa anachokitarajia. Ukichukua d uliyoipata kwenye data yako na kuitumia kukokotoa nguvu ya utafiti ule ule, jibu tayari limeshafungwa na thamani ya p. Utafiti wenye p ya 0.05 kamili hutoa nguvu ya karibu asilimia 50. Ukiwa na p kubwa kuliko hapo, nguvu hutoka chini ya nusu, daima. Kwa hiyo kila utafiti usiopata kitu utasema kwamba ulikuwa dhaifu, hata ule wa watu elfu tano juu ya zoezi lisilofanya kazi kabisa. Programu ya SPSS huitoa namba hiyo ukibonyeza kisanduku cha "Observed power", na kuwepo kwake kwenye jedwali hakuipi maana.

Mwombe badala yake mtazame masafa ya uhakika ya tofauti, kwa alama. Tuseme zoezi limetoka na punguzo la alama 1.5, masafa yakianzia ongezeko la alama 1.3 na kuishia punguzo la alama 4.3. Mpaka wenu wa alama 4 bado umo ndani, kwa hiyo hamuwezi kulikataa zoezi wala kulipitisha, na mnaandika hivyo. Lakini masafa yakitoka kati ya ongezeko la alama 2 na punguzo la alama 3, zile alama 4 ziko nje, na mnaweza kusema kwa haki kwamba athari yenye maana kwa vigezo vyenu haielekei kuwepo. Hayo ni matokeo kamili yanayostahili kuchapishwa, na yanawezekana tu kwa sababu mpaka uliwekwa kabla.

Msikubali pia kuangalia data katikati, kuona p ya 0.08, na kuongeza watu 20 "ili itoke". Kuangalia mara mbili tu kwa kizingiti cha 0.05 kila mara kunapandisha hatari ya kutangaza athari isiyokuwepo kutoka asilimia 5 hadi 8.3, na kuangalia mara tano kunaifikisha asilimia 14. Kama kweli mnahitaji kuangalia katikati, amueni sasa kwamba mtaangalia mara mbili, na tumieni kizingiti cha 0.0294 kila mara. Hapo hatari ya jumla inabaki asilimia 5.

Katika pendekezo lako, sehemu ya sampuli inaweza kusomeka hivi: "Tofauti ndogo kabisa inayostahili kugunduliwa ni alama 4 kwenye kipimo cha alama 20 hadi 80, kwa kuwa ni sawa na maswali manne kushuka ngazi moja. Mkengeuko sanifu unakadiriwa kuwa 10, na uhusiano kati ya kipimo cha kabla na cha baada 0.6. Kwa kiwango cha umuhimu cha 0.05 cha pande mbili na nguvu ya asilimia 80, uchanganuzi unaozingatia alama za mwanzo unahitaji watu 64 kila kundi. Kwa kuruhusu asilimia 15 kutorudi, tutaandikisha watu 76 kila kundi, na ukusanyaji utakoma idadi hiyo ikitimia." Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi ukishazipata, kisha usajili mpango mahali penye tarehe, kama tovuti ya OSF, kabla ya mshiriki wa kwanza kujaza hojaji.